Kwa Nini Mota Ndogo Hutetema Badala ya Kuzunguka

Mota ya 28BYJ-48 ni kile kidude cha duara chenye nyaya tano za rangi, kinachouzwa pamoja na kibao kidogo chenye chipu ya ULN2003 na taa nne. Wanafunzi wengi wa elektroniki huanzia hapo kwa sababu ya bei yake. Mwanzoni inazunguka vizuri. Kisha mtu anapunguza muda kati ya hatua na hatua ili iende kasi zaidi, na ghafla inaanza kutetema na kuvuma bila kwenda popote. Programu haina kosa, na taa zinawaka kama kawaida.

Ndani ya mota hiyo mna koili nne na rota yenye sumaku. Waya mwekundu hupeleka volti 5 kwenye koili zote. Chipu kazi yake ni kuziunganisha nyaya nyingine na upande hasi, kwa zamu inayoamriwa na programu. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, rota inageuka kuielekea, kisha inatulia hapo. Isipowashwa koili nyingine, haiendi mbele. Mzunguko wote ni matokeo ya zamu hizo, ambazo kwenye programu huandikwa hivi:

```
const byte zamu[8] = {
  0b0001, 0b0011, 0b0010, 0b0110,
  0b0100, 0b1100, 0b1000, 0b1001
};
```

Kila 1 ni koili iliyowashwa. Ukizipitia safu zote nane, unakwenda kwa nusu hatua: koili moja, kisha mbili jirani, kisha moja tena. Koili mbili zikiwaka, rota hukaa katikati yake, ndiyo maana hatua inagawanyika. Ukichukua zile nne zenye 1 mbili tu, unakwenda kwa hatua nzima. Kwa hatua nzima rota huruka nyuzi 11.25 kila mara. Kwa nusu hatua, nyuzi 5.625. Hatua nzima ya koili mbili ina nguvu sawa muda wote, lakini mwendo wake una mitikisiko. Nusu hatua ni laini zaidi, ingawa nguvu hupanda na kushuka, kwani koili moja pekee huvuta kwa takriban asilimia 70 tu ya nguvu ya mbili.

Sasa tupige hesabu. Gia zilizomo ndani hupunguza mwendo, hata mhimili wa nje ukamaliza duara kwa hatua nzima zipatazo 2048, au nusu hatua 4096. Ukiipa kila hatua nzima milisekunde 2, duara linachukua sekunde 4 na ushee. Ukishusha hadi milisekunde 1 ungetarajia sekunde 2, lakini mota inavuma tu. Badilisha iwe nusu hatua kwa milisekunde 1 ileile, na kwa kawaida inazunguka, ila duara linachukua tena sekunde 4 na ushee.

Hapo ndipo siri ilipo. Chipu inaweza kubadilisha koili haraka kuliko hivyo mara nyingi mno. Anayechelewa ni rota. Ina uzito, kwa hiyo inahitaji muda wa kuanza kusogea na kufika. Umeme nao haujai kwenye koili papo kwa papo, maana koili hupinga badiliko la mkondo. Tena rota inapozunguka, sumaku yake huzalisha volti zinazopingana na zile 5, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo mkondo unavyopungua na nguvu kushuka. Zamu ikibadilika kabla rota haijafika, koili inayofuata inaivuta ikiwa bado nyuma. Ikibaki nyuma kupita kiasi, huvutwa mbele na kurudishwa nyuma. Mtetemo ni huo.

Njia nzuri ya kupata kasi zaidi ni kuanza polepole, kisha kupunguza muda kidogo kidogo, kwa sababu rota iliyokwisha kushika mwendo huhimili zamu za haraka ambazo isingeweza kuanza nazo. Mzigo ukiongezeka, rudisha muda nyuma.

Baya zaidi kuliko mtetemo ni hatua chache kupotea kimyakimya, kwa kuwa programu huhesabu ilichoamuru tu, wala haijui kilichotokea. Bandika kipande cha karatasi kwenye mhimili, weka alama, zungusha mara kumi mbele na kumi nyuma. Usipime kwa kwenda mbele peke yake: gia za mota hii kwa kweli hutoa karibu hatua 2038 kwa duara, si 2048, kwa hiyo baada ya mizunguko kumi karatasi itapita alama kwa nyuzi kama 18 hata kama hakuna hatua iliyopotea. Kosa hilo hujifuta ukirudi. Likibaki, na likatoweka unapoongeza muda wa hatua, ujue ulikuwa unaiharakisha mno.