Bei ya vitunguu kwa sauti: mlango hufungwa baada ya saa 24

Muuza vitunguu wa jumla mwenye wateja wasiopenda kusoma anaweza kurekodi bei mara moja, kompyuta ikaituma kwa kila mmoja kupitia WhatsApp. Kurekodi ni rahisi. Kikwazo ni muda. Meta, kampuni yenye WhatsApp, huiruhusu biashara kutuma sauti kwa njia hiyo ndani ya saa 24 tu tangu mteja alipoandika mara ya mwisho.

Tuseme mteja aliandika Jumatatu asubuhi, na bei mpya inatoka Alhamisi. Sauti ikitumwa moja kwa moja itakataliwa. Kinachopita ni kiolezo, yaani ujumbe ulioidhinishwa na Meta mapema, nao hulipiwa. Kiolezo hakibebi sauti ila hubeba kitufe. Basi huandikwa "Bei za Alhamisi ziko tayari", na chini yake kitufe cha "Sikiliza". Mteja akikibonyeza huhesabiwa kuwa ameandika, na sauti humfikia papo hapo. Asiyebonyeza wiki hadi wiki anamla muuzaji gharama bure. Heri aondolewe kwenye orodha.

Sauti iwe ya OGG, kodeki ya Opus, chaneli moja:

```
ffmpeg -i bei.mp3 -ac 1 -c:a libopus bei.ogg
```

Faili iliyopakiwa kwa Meta hukaa siku 30. Bei hubadilika kabla ya hapo, lakini salamu ya kudumu ya duka itanyamaza ghafla mwezi ukiisha, isipopakiwa upya.