Usaili saa tatu asubuhi, na zamu inaanza saa moja na nusu

Muuguzi mwenye stashahada anafanya kazi katika hospitali binafsi upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Ameomba nafasi ya kusoma shahada, na sasa chuo kimemwita kwenye usaili Upanga, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alhamisi hiyo rosta imemweka zamu ya asubuhi. Swali linalomnyima usingizi halihusu usaili wenyewe. Anawaza atamwambia nini inchaji wa wodi.

Wengi wakifika hapo huona njia mbili tu. Ya kwanza ni kusema unaumwa. Ya pili ni kumkalisha mkubwa wako chini na kumsimulia ndoto zako zote, ada utakavyoilipa, mume anavyosema, na kwa nini mshahara hautoshi. Njia zote mbili zinamharibia. Inchaji anachohitaji ni taarifa zinazomwezesha kupanga watu: unakwenda wapi, unaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, na nani atashika nafasi yako.

Tuanze na sheria, maana watu huichanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi, na siku chache za malipo anapouguza mtoto au kufiwa na mtu wa karibu. Usaili wa chuo haumo katika orodha hiyo. Likizo ya mwaka nayo, ingawa ni haki yako, mwajiri ndiye mwenye kauli ya lini uichukue. Kwa hiyo asubuhi unayoiomba ni jambo la makubaliano: inakatwa kwenye likizo yako, au unabadilishana zamu, au unafidia saa hizo siku nyingine. Ukiingia ofisini ukijua hivyo, sauti yako inakuwa ya mtu anayeomba na mwenye pendekezo mkononi. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya 2007 inataja siku za likizo zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na anayeitwa kwenye mahojiano ya chuo hujikuta pale pale, akipatana na bosi wake.

Sasa tuje kwenye kuumwa kwa uongo. Hospitalini ni kazi ngumu zaidi kuliko kwingine, kwa sababu anayekusikiliza ameshaona wagonjwa wa kweli asubuhi hiyo hiyo. Lakini ubaya wake mkubwa uko mbele. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinazotumika pamoja na sheria ile zinautaja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha mtu kuachishwa kazi. Sisemi kwamba asubuhi moja itakufukuzisha. Nasema umeiondoa shughuli ya ratiba na kuifanya shughuli ya nidhamu. Isitoshe, ukipata nafasi utarudi kwa mtu yule yule kuomba barua ya mwajiri au maelezo ya mdhamini, na vyuo vingi vinavyochukua watu walio kazini huvitaka. Hapo inchaji atatazama tarehe ya usaili, kisha atakumbuka ile siku ya tumbo kuuma.

Basi tuitengeneze asubuhi ya muuguzi wetu hatua kwa hatua.

Kitu cha kwanza ni muda. Usaili wa saa tatu haumaanishi kwamba saa nne uko huru. Mara nyingi wasailiwa wote huitwa saa moja, wanahakikiwa vyeti, kisha wanaingia mmoja mmoja. Mwenye namba ya mwisho anaweza kutoka saa saba mchana. Kabla hajamwona inchaji, muuguzi apige simu ofisi ya udahili aulize wasailiwa ni wangapi na shughuli hukadiriwa kwisha saa ngapi. Aongeze safari: kutoka Mbagala kwenda Upanga asubuhi, kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, lazima aondoke nyumbani mapema sana, na kurudi nako kuna muda wake. Akisema "nitarudi saa nne" ili ombi lionekane dogo, atakuwa ameahidi kitu kisicho mikononi mwake. Wodi itamsubiri saa nne, atatokea saa nane, na ombi lililokuwa la kweli litaonekana la hila.

Asubuhi pia ndiyo saa yenye gharama kubwa wodini, na ni vizuri aombaye alijue hilo kabla inchaji hajamkumbusha. Kuna kupokea ripoti ya usiku, dawa za asubuhi, kuwasafisha wagonjwa wasiojiweza, raundi ya madaktari, kubadilisha vidonda, kuandaa wanaokwenda chumba cha upasuaji na wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Wodi yenye wauguzi watatu asubuhi ikipungukiwa mmoja, wawili waliobaki wanafanya raundi huku dawa zikichelewa. Anayeomba ruhusa ya asubuhi bila kutaja wa kumshikia, kwa kweli anaomba wenzake wabebe mzigo wake na inchaji aende kuwabembeleza.

Ndiyo maana kwake yeye kubadilishana zamu ni bora kuliko kukata likizo. Yuko dada wa zamu ya jioni Alhamisi hiyo, inayoanza saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Akikubali kuingia asubuhi, muuguzi wetu anachukua jioni. Lakini hapa ndipo mabadilishano mengi huvunjikia. Sheria ile ya 2004 inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kupunguza kuna masharti yake, ikiwemo makubaliano ya maandishi. Kama yule dada alikuwa zamu ya jioni Jumatano, atatoka saa mbili usiku na kuingia Alhamisi saa moja na nusu asubuhi. Hizo ni saa 11 na nusu. Inchaji makini atalikataa pendekezo hilo na atakuwa sahihi. Kwa hiyo atafutwe mwenzake ambaye Jumatano alikuwa mapumzikoni au zamu ya asubuhi. Kisha muuguzi aitazame Ijumaa yake mwenyewe: akimaliza Alhamisi saa mbili usiku, Ijumaa asipangwe asubuhi, maana hesabu ile ile itamrudia. Na Jumatano asikubali zamu ya usiku kwa kudhani atatoka kazini moja kwa moja hadi Upanga. Mtu aliyekesha na wagonjwa hujibu maswali ya jopo kama anayeota.

Muda wa kuomba nao una siri yake. Kama rosta ya wiki hiyo haijabandikwa, mwone inchaji kabla haijabandikwa. Kumpanga mtu jioni tangu mwanzo ni kazi ya kalamu moja, ilhali kuifumua rosta iliyokwisha kusainiwa humgusa kila mtu. Aende mwenyewe, asitume mtu, na asimvizie inchaji katikati ya makabidhiano ya zamu. Baada ya raundi, wodi ikitulia, ndiyo saa yake. Baada ya mazungumzo aandike, hata kama jibu limeshatolewa kwa mdomo, kwa sababu inchaji anaweza kuwa likizo siku yenyewe na aliyekaimu asijue lolote. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Sista. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi, Alhamisi tarehe 16, saa tatu asubuhi, Upanga. Naomba niingie zamu ya jioni siku hiyo badala ya asubuhi. Mwenzangu wa jioni amekubali kuingia asubuhi na Jumatano alikuwa mapumzikoni. Saa nane kamili nitakuwa wodini. Barua ya mwaliko ninayo ikihitajika. Asante."

Hakuna kilichofichwa humo. Neno usaili limo, masomo yamo, mahali pamo. Hakuna pia historia ya maisha. Kusema "nina dharura ya kifamilia" au "kuna mahali nimeitwa" kungekuwa kifupi zaidi, ila kungemwacha inchaji akibuni, na mtu akibuni huwa anafikia kwamba unatafuta kazi hospitali nyingine.

Swali litakalofuata linajulikana: "Kwa hiyo unatuacha?" Hapo ndipo watu wakweli huteleza, kwa sababu wanaogopa ukimya wakaanza kuahidi. Wapo wanaosema hawataondoka kamwe, wapo wanaotangaza kuondoka kabla hata ya kuchaguliwa. Jibu la kweli katika hatua hii ni moja: "Bado ni usaili tu, Sista. Nikipata nafasi nitakuja tuzungumze kabla sijathibitisha chuoni." Kama hospitali iliwahi kumlipia mafunzo kwa mkataba wa kufanya kazi muda fulani, aupitie mkataba huo kabla ya mazungumzo, kwani huenda swali la pili likawa hilo.

Kwa mtumishi wa serikali kuna mpaka mmoja wa kuuzingatia. Kuomba asubuhi ya usaili na kuomba ruhusa ya masomo ni maombi mawili. La kwanza linamalizwa na msimamizi wa karibu, yaani muuguzi mfawidhi wa wodi au wa kituo. La pili ni la mwajiri; kwa muuguzi wa kituo cha afya cha halmashauri, mwajiri huyo ni mkurugenzi, na barua hupitia kwa wakuu wake wa kazi. Ukiyabandika pamoja, ombi dogo la siku moja linaweza kusafiri kwenye faili pamoja na lile kubwa na tarehe ya usaili ikapita. Omba asubuhi kwanza, peke yake.

Na inchaji akikataa? Aulizwe kwa heshima kinachomzuia. Ikiwa ni upungufu wa watu Alhamisi, pengine wauguzi wawili tayari wako likizo, basi muuguzi apige simu chuoni siku hiyo hiyo aombe awekwe mwisho wa foleni, au siku ya pili ya usaili kama ipo, au asailiwe kwa njia ya video. Ofisi za udahili hupokea maombi hayo mapema kwa urahisi kuliko asubuhi ya tukio. Asichoweza kufanya ni kwenda baada ya kunyimwa. Kukosa kazini siku moja bila ruhusa humletea onyo la maandishi kwenye faili, na faili hilo ndilo litakalofunguliwa barua ya mwajiri itakapoombwa.

Alhamisi yenyewe aweke simu wazi akiwa kwenye foleni. Saa sita mchana ikifika na bado hajaitwa, amwandikie inchaji wakati huo, mapema, kwamba anaweza kuchelewa na kwamba atamjulisha tena akitoka. Mwenzake wa asubuhi aliyeko wodini naye aambiwe, kwa sababu ndiye atakayebaki na wagonjwa mpaka makabidhiano yafanyike.