Viazi vya KFC: Nani Anaamua Kipi Kibadilike?

Mwanzoni mwa Januari 2022, wateja wa KFC nchini Kenya waliambiwa kwamba chipsi zimekwisha. Badala yake wangeweza kuchagua vitu vingine, ugali ukiwemo. Viazi vya migahawa hiyo vilikuwa vikiagizwa kutoka nje ya nchi, na msukosuko wa usafiri wa meli uliotokana na janga la Korona ulikuwa umevichelewesha. Wakenya walikasirika, na wito wa kuisusia KFC ukaenea mitandaoni. Katika nchi yao kiazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na wakulima wa Nyandarua hulalamika kila mara kwamba wananunuliwa kwa bei ya kutupa. Kampuni ilijieleza kwamba muuzaji yeyote wa viazi lazima kwanza apitishwe na utaratibu wa ubora wa KFC wa dunia nzima.

Mwanafunzi wa biashara anayejiandaa kwa swali la masoko ya kimataifa hahitaji mfano wa mbali zaidi ya huu. Ndani yake mna mambo yote matatu anayoulizwa: kampuni iuze kitu kilekile kila mahali au ikirekebishe, utamaduni wa wanunuzi una nguvu gani, na kampuni iingie katika nchi ya kigeni kwa njia ipi.

Hoja ya usanifishaji, yaani kuuza bidhaa ileile kwa namna ileile kila nchi, ilipata mtetezi mkubwa mwaka 1983. Theodore Levitt wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba teknolojia inazifanya tamaa za watu duniani zifanane, na kwamba watu watakubali kuacha baadhi ya mazoea yao wakipata kitu bora kwa bei nafuu. Kampuni inayotengeneza kitu kimoja kwa wingi hupunguza gharama ya kila kimoja na hulinda jina lake kwa urahisi. Waliompinga walijibu kwamba ladha, dini, kipato na sheria bado zinatofautiana, na kwamba bei nafuu haimshawishi mtu kula asichokipenda.

Wanafunzi wengi huishia kuchagua upande mmoja kati ya hizo mbili. KFC inaonyesha kwamba uamuzi hufanywa kipande kwa kipande. Tuanze na viazi vyenyewe. Kiazi cha chipsi za kiwandani kinatakiwa kiwe kirefu, kisiwe na maji mengi, na kiwe na sukari kidogo, kwa kuwa sukari ikikutana na mafuta ya moto huifanya chipsi iwe nyeusi na chungu. Shangi, aina inayolimwa zaidi Kenya, huiva haraka na hupendwa majumbani, lakini huchipua mapema sana baada ya kuvunwa. Ukiiweka kwenye baridi kali ili isichipue, wanga wake hugeuka sukari. Kwa hiyo kulikuwa na sababu ya kweli ya kuwa mkali kuhusu viazi. Kosa lilikuwa kukaa miaka zaidi ya kumi, tangu mgahawa wa kwanza ufunguliwe Nairobi mwaka 2011, bila kuwaandaa wakulima wa hapo walime aina inayofaa. Kiwango cha ubora kingeweza kubaki kilekile huku chanzo cha viazi kikibadilika.

KFC hiyohiyo ilikuwa imeshapata funzo la namna hii Asia. Mwaka 1973 iliingia Hong Kong na kufungua migahawa kwa kasi, lakini kufikia 1975 yote ilikuwa imefungwa. Wachambuzi hutaja sababu mbili hasa. Kuku wa huko walilishwa unga wa samaki, hivyo nyama ilibeba ladha ambayo viungo vya Kentaki havikuificha. Tena migahawa ilijengwa kwa mtindo wa Kimarekani wa kununua na kuondoka, ilhali wenyeji walitaka kuketi na kula pamoja. Mapishi hayakuwa mabaya. Yaliwekwa tu katika mazingira yasiyoyafaa.

Ilipofika Beijing mwaka 1987, iliingia kwa ubia na taasisi za serikali ya mji, zikiwemo za utalii na za mifugo. Katika China ya wakati ule, mgeni peke yake asingepata kwa urahisi jengo, vibali na kuku wa kutosha. Mbia wa huko aliijua njia ya kuvipata vyote hivyo. Mgahawa wa kwanza, karibu na uwanja wa Tiananmen, ulikuwa na ghorofa tatu na viti vingi. Miaka iliyofuata, mameneja wa China walipewa uhuru wa kuongeza uji wa mchele na vitafunwa vya asubuhi vya Kichina, huku kuku wa kukaanga, jina na taratibu za usafi zikibaki zilezile. Mwisho wa mwaka 2023 KFC ilifungua mgahawa wake wa 10,000 nchini humo.

Hapo ndipo njia ya kuingia sokoni inapokutana na suala la urekebishaji. Kampuni inayosafirisha tu bidhaa zake nje huhatarisha mtaji kidogo, lakini hujifunza kidogo kuhusu mnunuzi. Kwa franchaizi, mfanyabiashara wa huko huweka fedha zake na kulipia matumizi ya jina, naye hufungwa na kitabu cha masharti, na mgahawa wa KFC Kenya huendeshwa kwa mtindo huu. Hata akijua viazi vizuri viko wapi, hana ruhusa ya kuvinunua mpaka makao makuu yakubali. Ubia hugawana faida na siri za kazi, na wabia wanaweza kugombana, lakini humweka mwenyeji mezani pale maamuzi yanapofanywa.

Kumiliki kila kitu nako hakutoshi. Walmat ya Marekani iliingia Ujerumani mwaka 1997 kwa kununua maduka yaliyokuwepo, ikawa na mamlaka yote mkononi. Ilileta taratibu za nyumbani kwake, kama wafanyakazi kuwatabasamia wateja na kuwafungashia vitu, jambo ambalo Wajerumani wengi hawakulipenda, huku ikishindana na maduka ya bei rahisi yaliyokuwa yamezoeleka. Mwaka 2006 iliuza maduka yake na kuondoka. Ilinunua majengo bila kununua uelewa wa wanunuzi.

Kwa hiyo anayeandika jibu la mtihani asianze kwa kuuliza ipi bora kati ya usanifishaji na urekebishaji. Achukue kampuni moja na kuigawa: bidhaa, bei, matangazo, usambazaji na vyanzo vya malighafi. Kwa kila kipande aseme kinachopotea kikibadilishwa na kinachopotea kikiachwa kama kilivyo. Kisha aonyeshe njia ya kuingia iliyochaguliwa inampa nani mamlaka ya kubadilisha kipande hicho. Jibu linaloishia kwenye maneno "inategemea" halijamaliza kazi. Lazima liseme inategemea nini, na nani anaamua. Katika kisa cha Kenya jibu liko wazi: kiwango cha ubora kilistahili kulindwa, lakini uamuzi wa mahali pa kununua viazi ulipaswa kuwa karibu zaidi na shamba.