Sukari Ileile, Utamu Zaidi: Siri ya Maziwa Yasiyo na Laktosi

Mnunuzi akiweka pamoja pakiti mbili za maziwa ya ng'ombe, moja ya kawaida na nyingine iliyoandikwa kuwa haina laktosi, akasoma jedwali la virutubishi ubavuni, mara nyingi atakuta namba zinakaribiana sana. Kwenye mstari wa sukari, zote huonyesha kama gramu 4.7 au 4.8 kwa kila mililita 100. Katika orodha ya viambato hakuna sukari iliyoongezwa. Hata hivyo, akionja atahisi mara moja kwamba maziwa yasiyo na laktosi ni matamu zaidi. Wengi hudhani kiwanda kimetia sukari kimyakimya. Ukweli ni kwamba kilichotiwa ni kimeng'enya, tena kwa kiasi kidogo mno, na utamu huo ulikuwa tayari ndani ya maziwa tangu yalipokamuliwa.

Laktosi ndiyo sukari ya asili ya maziwa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe huwa nayo gramu 48 hivi. Kila molekuli yake ni sukari mbili ndogo zilizoungana, glukosi na galaktosi. Utumbo wa binadamu hauwezi kuinyonya ikiwa imeungana hivyo. Ni lazima kwanza ivunjwe, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilicho kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa nacho kwa wingi. Baada ya kuacha ziwa, watu wengi duniani hupungukiwa nacho polepole. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa bilauri kubwa ya maziwa, laktosi hupita nzima hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria waliomo huichachusha na kutoa gesi. Ndipo tumbo huunguruma, hujaa, na pengine mtu huharisha.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka 2007, mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba baadhi ya jamii za huku zina mabadiliko yao wenyewe ya kijenetiki yanayofanya laktasi iendelee kutengenezwa hadi utu uzima, tofauti na yale ya watu wa Ulaya, na kwamba yalienea pamoja na ufugaji. Ndiyo maana katika mji mmoja, hata katika meza moja, mmoja hunywa maziwa fresh bila wasiwasi na jirani yake akashikwa na tumbo kwa maziwa yaleyale.

Maziwa yasiyo na laktosi humfanyia mtu huyu wa pili kazi ambayo utumbo wake umeiacha. Kimeng'enya kinachotumika viwandani hakitoki kwa mnyama. Mara nyingi hutengenezwa na hamira iitwayo Kluyveromyces lactis, ambayo hukuzwa kwenye matangi, kisha laktasi yake hutolewa na kusafishwa hadi kuwa kimiminika. Hamira hii hupendwa kwa sababu laktasi yake hufanya kazi vizuri katika hali isiyo na asidi kali, na maziwa mabichi yako karibu kabisa na hali hiyo. Ipo pia laktasi ya kuvu Aspergillus oryzae, inayostahimili asidi. Hiyo ndiyo hutiwa kwenye vidonge ambavyo mtu humeza anapoanza kula, kwa kuwa lazima ikafanye kazi tumboni.

Kwa njia ya kawaida, maziwa yaliyokwisha kupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu hupoozwa na kuingizwa kwenye tangi, kisha laktasi humiminwa na kukorogwa. Kimeng'enya hicho kingefanya kazi kwa kasi zaidi kwenye nyuzi joto 35 hadi 40, lakini joto hilo hilo ndilo bakteria wanalolipenda, na maziwa yangeweza kuharibika kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo viwanda vingi huchagua subira: maziwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi joto 4 hadi 8 kwa saa 24 hivi. Baadaye hupashwa joto tena, na joto hilo huua laktasi. Haihitajiki tena.

Ndani ya tangi, kila molekuli ya laktosi inayovunjwa hutumia molekuli moja ya maji. Gramu 48 za laktosi katika lita moja humeza gramu mbili na nusu hivi za maji na kutoa gramu 25 za glukosi na gramu 25 za galaktosi. Protini, mafuta na kalisi hubaki vilevile. Nguvu ambayo mwili hupata kutoka kwenye sukari hiyo nayo hubaki ileile, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari anapaswa kulijua: kukosekana kwa laktosi si kukosekana kwa sukari.

Sasa utamu. Ulimi huonja sukari kupitia vipokezi maalumu, na kila aina ya sukari hushikamana navyo kwa nguvu yake. Wataalamu huipa sukari ya mezani alama 100 na kulinganisha nyingine nayo. Laktosi hupata 20 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Ni miongoni mwa sukari hafifu kabisa. Glukosi hupata 70 hivi, na galaktosi karibu 60. Kwa hesabu ya karatasi, gramu 48 za laktosi zina utamu wa gramu 10 tu za sukari ya mezani, lakini zikivunjwa, vipande vyake vinafikia utamu wa gramu 30 na ushei.

Hesabu hiyo huzidisha kidogo, kwa sababu ulimi haujumlishi kama kalamu. Utamu wa sukari iliyo nyepesi hupungua kuliko namba zinavyoonyesha, na mafuta na protini za maziwa nazo huufunika. Majaribio ya waonjaji yameonyesha kwamba kuvunja asilimia 90 ya laktosi hulingana na kuongeza kama gramu 9 za sukari katika lita nzima, yaani vijiko viwili vya chai. Kwa aliyezoea chai ya sukari nyingi ni kidogo. Kwa anayekunywa maziwa matupu, tofauti haifichiki.

Fundi wa kiwandani hangoji kuonja ili ajue kazi imefika wapi. Hutumia kipimo ambacho wakaguzi wa maziwa wanakifahamu kwa shughuli nyingine: kiwango cha kuganda. Maziwa ya kawaida huganda kwenye nyuzi joto 0.53 hivi chini ya sifuri, na muuzaji aliyeyachanganya na maji hukamatwa kwa sababu yake huganda mapema, karibu zaidi na sifuri. Laktasi hufanya kinyume. Kinachoshusha kiwango cha kuganda ni idadi ya molekuli zilizoyeyuka, na kimeng'enya kinageuza kila molekuli moja ya laktosi kuwa mbili. Laktosi yote ikivunjika, maziwa huganda kwenye nyuzi joto 0.80 hivi chini ya sifuri. Kipimo kikisoma 0.66 chini ya sifuri, fundi anajua yuko nusu ya safari.

Nusu ya pili ndiyo ngumu. Kadiri laktosi inavyopungua, kimeng'enya huikuta kwa shida, na galaktosi iliyokwisha kuzaliwa hukizuia. Finland inataka bidhaa inayoitwa isiyo na laktosi ibaki na chini ya gramu 0.01 katika kila gramu 100. Maana yake, katika lita moja iliyoanza na gramu 48, inaruhusiwa kubaki sehemu moja tu ya kumi ya gramu. Masalia madogo hivyo hayaonekani tena kwa kipimo cha kuganda. Hapo maabara hutenganisha sukari moja moja kwa kromatografia na kuzipima.

Maziwa haya yana udhaifu wake pia. Glukosi na galaktosi huungana na protini kwa wepesi kuliko laktosi, hasa kwenye joto, na muungano huo huleta rangi ya kahawia na ladha ya maziwa yaliyochemshwa mno. Kwa hiyo pakiti ya UHT isiyo na laktosi, ikikaa miezi kadhaa dukani kwenye joto, hubadilika rangi na ladha mapema kuliko ya kawaida. Viwanda vingine hukwepa sehemu ya tatizo hilo kwa kupasha maziwa kwanza, kisha kutia laktasi iliyochujwa vijidudu wakati wa kufunga pakiti, na kimeng'enya humaliza kazi humohumo ndani ya pakiti kwa siku chache. Lakini hapo hakuna joto la kukiua baadaye. Laktasi isiyosafishwa vizuri huja na vimeng'enya vingine vinavyokata protini, na kwa kuwa navyo vitabaki hai kwa miezi, maziwa hugeuka machungu.

Kwa Wafini, ambao hunywa maziwa pamoja na chakula, ule utamu wenyewe ulikuwa kasoro. Kampuni ya Valio ilitoa mwaka 2001 bidhaa isiyo na laktosi iliyoonja kama maziwa ya kawaida. Ufumbuzi wake ni wa akili sana: sehemu ya laktosi huondolewa kwanza, ibaki kama gramu 3 katika gramu 100, kisha laktasi huvunja iliyobaki. Sukari kidogo yenye utamu mwingi zaidi inafikia utamu wa maziwa ya kawaida. Ugumu ni kwamba chumvi za madini hupenda kutoka pamoja na laktosi, hivyo ni lazima zitenganishwe na kurudishwa. Mitambo ya kazi hiyo ni ghali, ndiyo sababu viwanda vingi duniani bado hutia laktasi tu na kuacha utamu uwepo.

Nyumbani pia jambo hili linawezekana, kwa matone ya laktasi yanayouzwa katika baadhi ya nchi. Kwa matone ya aina moja iliyozoeleka Marekani, matano katika lita moja hivi ya maziwa, yakilala kwenye friji siku nzima, huondoa asilimia 70 ya laktosi, na kumi huondoa asilimia 90. Anayetaka kuhakikisha anaweza kuchovya vile vijikaratasi vya kupima glukosi kwenye mkojo: maziwa ya kawaida karibu hayabadilishi rangi yake, na yaliyotiwa laktasi huibadilisha. Kosa linalofanyika kirahisi kwa wapenda chai ya maziwa ni kudondoshea matone kwenye sufuria iliyotoka jikoni. Joto hilo huua kimeng'enya hapohapo, na laktosi hubaki kama ilivyokuwa. Matone yatiwe kwenye maziwa ya baridi siku moja kabla, ndipo yachemshwe na majani, na sukari ya kwenye chai ipunguzwe kidogo.