Samaki wa Kupaka Mbele ya Simu

Samaki wa kupaka ni mgumu kupigwa picha. Mchuzi wake wa tui la nazi ni wa njano, ngozi yake iliyochomwa ni nyeusi, na vyote viko kwenye sahani moja. Ukimpiga usiku chini ya taa za mgahawa, njano hugeuka kahawia, weusi huwa doa, na mteja anayesoma menyu hajui kama anaona samaki au kuku. Ukimweza huyu kwa simu, vyakula vingine havitakusumbua, kwa hiyo tuanze naye.

Kazi huanza kwa kuhamisha meza. Isogeze karibu na dirisha au mlango ambako kuna mwanga wa mchana lakini jua halipigi moja kwa moja. Kama jua linaingia, tundika shuka jeupe jepesi mbele ya dirisha ili lipoe. Kisha zima taa zote za chumba. Mwanga wa taa na wa dirisha mara nyingi haufanani rangi, na simu hushindwa kurekebisha zote mbili kwa mara moja, hivyo upande mmoja wa sahani hubaki na ubuluu na mwingine na unjano. Flashi nayo izimwe. Inamulika kutoka palepale ilipo lenzi, kwa hiyo inafuta vivuli vinavyoonyesha umbo la chakula na kuacha nukta nyeupe juu ya mchuzi.

Weka sahani ili mwanga utoke ubavuni, ukitokea nyuma kidogo. Hapo mchuzi utang'aa na mistari ya kuchomwa itaonekana juu ya ngozi. Upande usiotazama dirisha utakuwa na kiza. Simamisha karatasi nyeupe ya manila karibu na sahani upande huo, nayo itarudisha mwanga. Tazama kwenye kioo cha simu huku ukiisogeza mbele na nyuma, utaona kivuli kikipungua na kuongezeka.

Sasa pembe. Samaki aliyelala kwenye sahani hupendeza akitazamwa kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kama anavyoonwa na mtu aliyekaa kula. Usiisogeze simu karibu mno, kwa maana lenzi yake huona eneo pana na kwa karibu hukuza kichwa cha samaki na kudumaza mkia. Rudi nyuma hatua moja, kisha bonyeza 2x. Vyakula vilivyotandazwa, kama chipsi mayai au sinia la pilau, vipige kutoka juu kabisa, nawe usisimame kati ya dirisha na chakula. Vilivyosimama, kama chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine au glasi ya juisi, vipige simu ikiwa usawa wa meza, kwani ukivipiga kutoka juu kimo chao hakionekani.

Kabla ya kupiga, futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole huleta ukungu. Gusa samaki kwenye kioo na ushikilie. Simu nyingi hapo hufunga umakini na mwanga. Kisha telezesha kidole kupunguza mwanga kidogo mpaka ukingo wa sahani nyeupe uonekane wazi. Sehemu iliyoungua kwa mwanga hairekebishiki baadaye, lakini iliyofifia kidogo huinuliwa kwa urahisi.

Kupamba ndiko kunakohitaji haraka. Mchuzi wa tui ukipoa hupoteza mng'ao na kufanya utando juu. Kwa hiyo panga mwanga na pembe ukitumia sahani tupu, na samaki aitwe kutoka jikoni kila kitu kikiwa tayari. Mchuzi umwagiwe mwisho kwa kijiko, sehemu ya ngozi iachwe wazi ili kuchomwa kwake kuonekane. Futa matone ukingoni, weka kipande cha ndimu, basi. Kwa bakuli la urojo tatizo ni jingine: bajia na kachori huzama. Funika kisahani kidogo chini ya bakuli, nazo zitapanda juu bila kuongeza kipimo.

Picha zote za menyu zipigwe dirisha lilelile, kwenye meza ileile, la sivyo kila ukurasa utaonekana wa mgahawa tofauti. Unapompelekea mchapaji kwa WhatsApp, tuma kama Document, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ukali.

Kabla ya kuchapa, linganisha kila picha na sahani inayotoka jikoni siku ya kawaida, mpishi akiwa na wateja wengi. Zikitofautiana, piga picha upya. Mteja atadai kile alichokiona kwenye menyu.