Habeas Corpus: Mlete Huyo Mtu Hapa

Mwishoni mwa mwaka 1771, katika meli ya Ann and Mary iliyotia nanga kwenye mto Thames, London, alikuwemo Mwafrika aliyetiwa minyororo. Aliitwa James Somerset. Bwana wake, Charles Stewart, alimnunua Virginia, akaja naye Uingereza. Somerset akatoroka, akakamatwa, akakabidhiwa kwa nahodha John Knowles ampeleke Jamaika akauzwe.

Wazazi wake wa ubatizo wakakimbilia kwa Jaji Mkuu Mansfield kuomba amri ya habeas corpus. Kwa Kilatini, maneno hayo yana maana ya "uwe na mwili". Usidhani ni maiti inayotakiwa. Mwili huo ni mtu mwenyewe, mzima, aletwe mbele ya jaji. Na amri hiyo haimwendei mfungwa. Inamwendea aliyeshika ufunguo, ikimtaka afanye mambo mawili: amlete mtu huyo, na aeleze kwa maandishi amemshika kwa sababu gani.

Knowles alimleta Somerset mahakamani tarehe 9 Desemba. Kiini cha sababu aliyoitoa kilikuwa hiki: huyu ni mtumwa wa Stewart, nami nimepewa nimpeleke akauzwe. Basi kesi nzima ikawa juu ya jibu hilo. Je, sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kumkamata mwenzake na kumsafirisha kwa nguvu kwa sababu hiyo? Mawakili walibishana kwa miezi. Tarehe 22 Juni 1772 Mansfield akaamua kwamba hakuna sheria ya namna hiyo, na Somerset akaondoka akiwa huru. Watumwa wengine katika makoloni hawakufunguliwa siku hiyo, maana jaji alikuwa akipima kifungo cha mtu mmoja tu.

Hadi leo kazi ya amri hii ni hiyo hiyo. Jaji haulizi kama mtu ameiba au ameua. Anauliza kama kushikiliwa kwake kuna msingi wa kisheria. Polisi wakionyesha kwamba mtu amefunguliwa mashtaka na mahakama imeamuru awekwe rumande, kwa kawaida ombi huishia hapo.

Kenya imeiandika haki hii ndani ya Katiba ya 2010. Ibara ya 25 inasema haiwezi kuwekewa mipaka, na ndugu anaweza kuwasilisha ombi Mahakama Kuu kwa niaba ya aliyekamatwa, likiambatana na hati ya kiapo. Ugumu huja pale polisi wanapokana: "Hatunaye." Jaji hawezi kumwamuru mtu alete asichokuwa nacho, kwa hiyo mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba kweli wanaye. Kwa hiyo ndugu yako akichukuliwa, andika saa, mahali, namba ya gari na majina ya walioshuhudia, kisha uulize kituoni kama jina lake limo kwenye kitabu cha matukio. Hayo ndiyo wakili atakayoyahitaji kwanza.