Fonimu na alofoni kwa sentensi fupi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hukutana mapema na aya ya namna hii, iliyotungwa hapa kwa kufuata mtindo wa vitabu vya taaluma hiyo:

"Fonimu ni kipashio dhahania cha kifonolojia chenye uwezo wa kubainisha maana za maneno katika lugha mahususi, ambacho hudhihirika katika usemaji kupitia alofoni moja au zaidi ambazo, kwa kuwa aghalabu zimo katika mgawanyo wa kutoana unaotawaliwa na mazingira ya kifonetiki, haziwezi kuleta upambanuzi wa maana."

Sentensi ni moja, lakini ndani yake mna madai manne, na kila dai linahitaji sentensi yake.

La kwanza ni kubainisha maana. Neno "bawa" likibadilishwa sauti ya mwanzo kuwa d, linakuwa "dawa". Kilichobadilika ni sauti moja tu, mahali pamoja tu, na maana imekuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo /b/ na /d/ ni fonimu mbili za Kiswahili. Jozi kama "bata" na "dada" haithibitishi kitu, kwa kuwa maneno hayo yametofautiana mahali pawili, na haijulikani ni tofauti ipi iliyoleta maana mpya. Wanaojifunza hukosea sana hapo.

La pili ni neno "dhahania", ambalo ndilo linalowatisha wengi. Maana yake ni kwamba fonimu imo akilini mwa wasemaji, wala haitoki kinywani ikiwa peke yake. Kinachotoka kinywani ni alofoni, yaani namna mojawapo ya kuitamka fonimu hiyo. Maneno "ubao" na "mbao" yanaonyesha jambo hili vizuri. Shina ni lilelile, na msemaji huamini kwamba b ni ileile. Lakini aliyezaliwa katika Kiswahili akiweka kidole kwenye kikoromeo na kutamka "ubao" polepole, mara nyingi atahisi kikoromeo kikishuka kidogo kwenye b, na hewa kama inavutwa ndani. Kwenye "mbao" hakishuki. Wanaisimu huandika b ya kwanza [ɓ] na ya pili [b]. Mabano hayo ya mraba ni ya sauti inayotamkwa. Mistari ya mshazari, kama katika /b/, ni ya fonimu.

Dai la tatu, "mgawanyo wa kutoana", linatokana na mfano huohuo. Panapokaa sauti moja, nyingine haikai. Sauti [b] hufuata m ya king'ong'o iliyoungana nayo, kama katika "mbao" na "mbavu", na [ɓ] hukaa kwingineko, kama katika "ubao" na "ubavu". Mtu akiichanganya, akatumia [b] kila mahali kama wafanyavyo wengi ambao lugha zao za kwanza hazina [ɓ], lafudhi yake itasikika, ila hakuna atakayeelewa neno jingine.

Kineno "aghalabu" si pambo. Kinaacha nafasi kwa sauti zinazoweza kupishana mahali palepale: wengine husema "heri", wengine "kheri", na maana ni moja. Anayefupisha aya akikitupa kineno hicho atakuwa ameandika jambo lisilo kweli.

Dai la nne limejificha katika maneno mawili, "lugha mahususi". Katika Kiswahili l na r ni fonimu mbili, kwa ushahidi wa "kula" na "kura". Katika Kiganda sauti hizo hizo ni alofoni: r huja baada ya e na i, na l huja penginepo. Neno "omuliro", yaani moto, lina zote mbili, l baada ya u na r baada ya i.

Aya ile sasa yaweza kuandikwa hivi:

"Fonimu ni sauti kama ilivyo akilini mwa wasemaji wa lugha fulani. Ikibadilishwa na fonimu nyingine, neno laweza kuwa neno jingine. Fonimu moja yaweza kutamkwa kwa namna zaidi ya moja. Kila namna huitwa alofoni. Mara nyingi sauti za jirani ndizo zinazoamua alofoni ipi itumike. Kubadilisha alofoni hakubadilishi maana."

Sentensi zimekuwa sita, na hakuna dai lililopotea. Hata hivyo neno "lugha" lenyewe ni pana mno nyakati nyingine. Katika Kimvita cha Mombasa, "paa" la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na "p'aa" mnyama hutamkwa kwa mpumuo unaosikika wazi. Huko mpumuo huo hutenganisha fonimu. Wasemaji wengi wa bara huyatamka yote mawili sawasawa, na msikilizaji hutambua kwa muktadha kama inazungumzwa nyumba au mnyama.